Milioni 22 za mwakani ni shilingi ngapi leo?

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa mauzo ya namna hii hufanyika kila wiki. Mama mmoja ana kiwanja Kigamboni na anataka kukiuza. Wamejitokeza wanunuzi wawili. Wa kwanza ana milioni 20 taslimu na yuko tayari kulipa kesho asubuhi. Wa pili anasema atatoa milioni 22, lakini zote kwa mkupuo mmoja baada ya mwaka. Dalali anamvutia mama kwa huyu wa pili, maana 22 ni nyingi kuliko 20. Kaka yake anamwambia achukue taslimu, maana ahadi haiendi dukani. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu.

Tatizo ni kwamba wanalinganisha vitu viwili visivyo vya aina moja. Shilingi ya leo na shilingi ya mwakani zina jina moja na sura moja, lakini huwezi kuzipambanisha hivi hivi, kama usivyoweza kupambanisha shilingi ya Tanzania na ya Kenya kabla ya kujua kiwango cha kubadilishia. Milioni 22 za mwakani lazima kwanza zigeuzwe kuwa shilingi za leo. Kiasi kinachopatikana baada ya kuzigeuza ndicho kinachoitwa thamani ya sasa, na namna nyepesi ya kukipata ni kujiuliza hivi: ningetaka kuwa na milioni 22 mwakani, leo ningelazimika kuweka kiasi gani, na wapi?

Neno muhimu hapo ni “wapi”. Bila kujua fedha zingekaa wapi, hakuna jibu.

Mahali ambapo bei ya mwaka mmoja hutangazwa

Kuna soko moja ambapo shilingi za baadaye huuzwa waziwazi kwa shilingi za leo, na bei yake hutangazwa kila baada ya mnada. Ni soko la dhamana za Serikali za muda mfupi. Benki Kuu ya Tanzania huzinadi kwa niaba ya Serikali, za siku 35, 91, 182 na 364. Kenya nako zipo za siku 91, 182 na 364, chini ya Benki Kuu ya Kenya. Tofauti na hati fungani za miaka mingi, dhamana hizi hazilipi riba kila baada ya miezi kadhaa. Unainunua kwa bei iliyo chini ya 100, na ikiiva unapokea 100 kamili. Ile tofauti ndiyo faida yako yote.

Tuseme dhamana ya siku 364 imeuzwa kwa 92. Maana yake ni kwamba Serikali inaahidi shilingi 100 mwakani, na watu wenye fedha wamekubali kuilipia ahadi hiyo shilingi 92 leo. Hiyo 92 ni thamani ya sasa. Haikutoka kwenye nadharia, imetoka kwa wanunuzi waliozabuni fedha zao. (Bei hupanda na kushuka mnada hadi mnada, kwa hiyo 92 hapa ni ya mfano. Ukitaka kupiga hesabu yako mwenyewe, chukua bei ya mnada wa karibuni.)

Sasa turudi kwa mama. Akipokea milioni 20 leo na kununua dhamana hizo kwa 92, mwakani atapokea milioni 20 ÷ 0.92, yaani takribani 21,739,000. Kwa hiyo mtu akimwambia “nitakupa milioni 20 zilezile mwakani”, anamwomba aache 1,739,000 bila malipo. Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya fedha ya leo na kiasi hichohicho cha mwakani. Ya leo inaweza kuwa ya mwakani na ikaongezeka. Ya mwakani haiwezi kurudi nyuma ikawa ya leo, isipokuwa mtu akuuzie fedha za leo, naye atataka chake. Tukigeuza upande wa pili, ahadi ya milioni 20 za mwakani ina thamani ya 20 × 0.92, yaani milioni 18.4.

Na milioni 22? Ni 22 × 0.92, sawa na 20,240,000. Hilo ndilo jibu la kwanza: kama mnunuzi wa pili angekuwa mlipaji wa kuaminika kama Serikali, ofa yake ingemzidi mwenye taslimu kwa 240,000. Dalali ameshinda, lakini ushindi wake si wa milioni mbili kama alivyodhani.

Kwa nini kuna mtu anayekubali kutoa hizo shilingi nane

Wengi wakiulizwa kwa nini fedha ya leo ni bora, hujibu: kwa sababu ya mfumuko wa bei. Jibu hilo si baya, ila si mzizi. Hata kama bei ya unga na nauli zisingesogea hata senti kwa mwaka mzima, bado shilingi 100 za leo zingemshinda mwenzake wa mwakani. Mwaka 1930, mwanauchumi Irving Fisher wa Chuo Kikuu cha Yale alizikusanya sababu kwenye mafungu mawili. La kwanza ni kwamba watu hupenda kutumia sasa kuliko kungoja. La pili ni kwamba zipo fursa za kuzalisha: mwenye fedha leo anaweza kununua cherehani, mbegu au pikipiki, na kifaa hicho kikaanza kuingiza kipato kabla mwaka haujaisha. Pande hizi mbili zinapokutana sokoni ndipo bei ya muda inapopatikana. Mfumuko wa bei huja juu yake, kwa sababu anayekopesha hutaka pia kufidiwa kwa shilingi itakayonunua vitu vichache zaidi.

Hili lina matokeo ya kivitendo kwenye hesabu yetu, nalo hukosewa hata na watu wenye shahada. Mtu anaona faida ya dhamana ni kama asilimia 8.7, anasikia mfumuko wa bei ni, tuseme, asilimia 3.3, kisha anajumlisha na kupata 12, akidhani anakuwa mwangalifu. Anagawanya milioni 22 kwa 1.12 na kupata 19,643,000, halafu anaikataa ofa. Ameuhesabu mfumuko mara mbili. Waliozabuni kwa 92 tayari waliuweka mfumuko waliokuwa wanautarajia ndani ya bei yao. Kiasi cha mwakani kikiwa kimetajwa kwa shilingi za kawaida, kama ilivyo kwenye mikataba karibu yote, tumia kiwango kama kilivyotangazwa sokoni, usiongeze kitu. Kuondoa mfumuko kwenye kiwango kunafaa pale tu ambapo na kiasi cha baadaye nacho umekipima kwa uwezo wa kununua wa leo.

Kugawanya, si kutoa

Asilimia 8.7 imetoka wapi, ikiwa punguzo ni 8 kwa 100? Mnunuzi hakuweka 100, aliweka 92. Faida ya shilingi 8 juu ya 92 ni asilimia 8.7 kwa siku 364. Punguzo huhesabiwa kutoka kwenye kiasi cha mwisho, faida huhesabiwa kutoka kwenye kiasi ulichotoa mfukoni, na hivyo faida daima huwa kubwa kidogo. Ukilichanganya punguzo na faida, kila hesabu inayofuata itapinda.

Kanuni nzima ni hii:

```
thamani ya sasa = kiasi cha baadaye / (1 + r)^n
```

Hapa r ni kiwango cha faida kwa kipindi kimoja, kikiandikwa kwa desimali, na n ni idadi ya vipindi. Ukiwa na simu tu, kwa mwaka mmoja na asilimia 8.7 gawanya kwa 1.087. Kwa miaka miwili gawanya kwa 1.087, kisha jibu lake ligawanye tena kwa 1.087.

Makosa ya kawaida ni kutoa badala ya kugawanya: “asilimia 8.7 ya milioni 22 ni 1,914,000, basi zimebaki 20,086,000.” Kwa mwaka mmoja na kiwango kidogo, kosa linaonekana dogo, hapa ni kama 154,000. Lakini jaribu njia hiyo kwa milioni moja ya baada ya miaka 10 kwa asilimia 10. Ukitoa asilimia 10 mara kumi kutoka kiasi kilekile, inabaki sifuri, kana kwamba milioni hiyo haina thamani kabisa. Ukigawanya kwa 1.1 mara kumi unapata takribani 385,500. Bila shaka kuna mtu ambaye angeilipia ahadi hiyo zaidi ya sifuri.

Jambo jingine linalopinda ni kipindi. Methali inasema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, na ukiitazama kwa jicho la mfanyabiashara, imetaja bei: tisa za leo kwa kumi za baadaye. Ilichoacha kusema ni lini. Kama huko kwenda na kurudi ni mwaka, anayeikubali anadai faida ya asilimia 11.1, kiasi ambacho si cha ajabu. Kama ni mwezi, na mchezo ukarudiwa mwezi baada ya mwezi, basi ni 10 ÷ 9 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili, karibu mara 3.54, yaani asilimia 254 kwa mwaka. Namba ileile tisa, ila biashara mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Mikopo mingi ya mitaani na ya simu hutajwa kwa mwezi au kwa wiki, na hapo ndipo watu huumia. Kabla ya kulinganisha viwango viwili, vipeleke kwenye kipindi kimoja.

Ahadi moja, thamani mbili

Mpaka hapa tumejifanya kwamba mama angezipeleka fedha kwenye dhamana za Serikali. Vipi kama ana deni?

Tuseme anadaiwa zaidi ya milioni 20 kwenye saccos, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na saccos inaruhusu kulipa kabla ya wakati bila faini. Kila shilingi anayopeleka pale inamwokoa riba hiyo. Kwake yeye, mahali pazuri pa kuweka milioni 20 si mnadani Benki Kuu, ni kwenye deni lake mwenyewe. Asilimia 1.5 kwa mwezi ikijirudia miezi kumi na miwili haizai 18, inazaa karibu 19.56, kwa sababu riba iliyookolewa mwezi huu nayo inapunguza salio la mwezi ujao. Milioni 22 ÷ 1.1956 ni takribani 18,400,000. Ofa ileile iliyokuwa inazidi taslimu kwa 240,000 sasa imepungukiwa na milioni 1.6.

Hapa watu huanza kushuku kwamba hesabu inachezewa. Haichezewi. Kiwango cha kugawanyia hakimo ndani ya ahadi, kimo ndani ya maisha ya anayeipokea: ni faida ya fursa bora anayoiacha kwa kungoja. Mwenye deni la riba kubwa akingoja anapoteza zaidi kuliko asiye na deni. Ndiyo sababu ushauri wa jirani aliyeuza kwa mkopo na akafurahi hauna maana kwako mpaka ujue fedha zake zingefanya kazi gani. Na ndiyo sababu mtu akikuuliza “nitumie kiwango gani?” jibu la haki ni kumrudishia swali: ungezifanyia nini kama ungezipata leo? Jibu liwe la kweli. Mtu anayesema angepata asilimia 40 kwenye biashara ambayo hajawahi kuifungua anatafuta tu sababu ya kuikataa ofa.

Kodi nayo ina nafasi yake hapa. Kama faida ya mahali unapolinganisha napo hukatwa kodi ya zuio, chukua kiwango kinachobaki mkononi baada ya makato, si kile cha kwenye tangazo.

Kuna wasomaji wasiochukua wala kutoa riba kwa sababu ya imani, nao huuliza kama hesabu hii inawahusu. Inawahusu, maana swali la fursa linabaki palepale hata ukiiondoa riba. Mfanyabiashara Mwislamu anayenunua magunia ya mchele kwa taslimu na kuyauza kwa faida anajua kwamba fedha zilizofungwa mwaka mzima ni mizunguko kadhaa ya mchele iliyopotea. Wanazuoni walio wengi huruhusu bei ya kulipa baadaye kuwa juu ya bei ya taslimu, kwa sharti kwamba wawili hao wakubaliane bei moja kabla ya kuachana, na isiongezwe baadaye kwa sababu ya kuchelewa. Kwa hiyo katika kuipanga bei hiyo, kiwango cha kugawanyia kinaweza kuwa faida halali ya biashara yake, na kazi iliyobaki ni ileile ya kugawanya.

Mnunuzi si Serikali

Turejee kwa mama asiye na deni, ambaye kwake ahadi ilikuwa 20,240,000. Hesabu ile ilichukulia kwamba fedha zitakuja zote, na zitakuja siku hiyo. Tuanze na siku.

Mnunuzi akichelewa miezi sita na mkataba haukuweka gharama ya kuchelewa, milioni 22 zinapokewa baada ya mwaka mmoja na nusu. Kwa kiwango kilekile, thamani yake leo inashuka hadi kama 19,410,000, chini ya taslimu. Ukitafuta mahali faida inapoisha kabisa, utaikuta karibu mwezi wa kumi na nne: kuchelewa kwa kama mwezi mmoja na wiki tatu kunatosha kuila ile 240,000 yote. Wanaouza kwa mkopo wanajua kwamba kuchelewa kwa mwezi mmoja au miwili ni jambo la kawaida kabisa, hata kwa mlipaji mwaminifu.

Halafu kuna kutolipa. Njia iliyo wazi zaidi ni kukadiria uwezekano, kisha kuuzidisha na kiasi kabla ya kugawanya. Ukiona kwamba kati ya wanunuzi kumi wa aina hii mmoja hatalipa kabisa, unachotarajia si milioni 22, ni milioni 19.8, na thamani yake leo ni 19.8 × 0.92, yaani 18,216,000. Njia ya pili ni kuacha 22 kama ilivyo na kupandisha kiwango, ndiyo maana benki humtoza mfanyabiashara mdogo riba kubwa kuliko ile Serikali inayolipa. Zote zinakubalika, ila usizitumie pamoja. Aliyekwisha kupunguza kiasi kwa sababu ya hatari, kisha akakigawanya kwa kiwango kilichopandishwa kwa hatari hiyohiyo, amemwadhibu mnunuzi mara mbili.

Tunapenda kuigeuza hesabu hii kinyumenyume, kwa sababu kukadiria uwezekano ni kazi ngumu na watu hubahatisha. Uliza hivi: mnunuzi anatakiwa awe mwaminifu kiasi gani ili ofa zilingane? Tunatafuta uwezekano ambao ukizidishwa na 22 na kisha na 0.92 unaleta 20. Unatoka asilimia 98.8. Maana yake mama akubali mkopo ikiwa tu anaamini kwamba kati ya wanunuzi 84 kama huyu hatatoka zaidi ya mmoja wa kutokomea na mali. Likisemwa hivyo, halihitaji tena kikokotoo. Mama anamjua mtu huyo, au hamjui.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba asipolipwa anapoteza vyote. Kwa kiwanja si lazima iwe hivyo. Kama mkataba unasema umiliki hauhami na hati haitoki mikononi mwa muuzaji mpaka senti ya mwisho ilipwe, basi mnunuzi akishindwa kiwanja bado kipo, na hasara inabaki kuwa mwaka uliopotea pamoja na usumbufu. Kifungu hicho kimoja kinaweza kuwa na thamani kubwa kuliko nyongeza ya milioni mbili iliyotangazwa na dalali. Lakini mama akishamruhusu mnunuzi kuanza kujenga, mambo hugeuka. Kumwondoa mtu kwenye msingi aliokwisha kumwaga zege ni kesi, na kesi nayo ina muda wake na gharama zake.

Akija na ofa ya tatu

Tuseme mnunuzi wa pili, baada ya kuona mama anasitasita, anabadilisha: kianzio cha milioni 6 leo, kisha 1,350,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 12. Jumla ni 22,200,000. Dalali anacheka kwamba ameongeza laki mbili tu. Kwa jumla, kweli ni laki mbili. Kwa thamani ya sasa ni jambo jingine kabisa.

Kila malipo yana umri wake, kwa hiyo kila moja hugeuzwa peke yake. Kianzio kinabaki milioni 6, maana ni cha leo. Malipo ya mwezi wa kwanza hugawanywa mara moja kwa kiwango cha mwezi, ya mwezi wa pili mara mbili, hadi la kumi na mbili. Kiwango cha mwezi kinacholingana na asilimia 8.7 kwa mwaka ni kama 0.7. Awamu ya kwanza ina thamani ya takribani 1,340,600 leo, na ya mwisho takribani 1,241,600. Zote kumi na mbili pamoja ni kama 15,486,000. Ukiongeza kianzio, ofa ina thamani ya 21,486,000.

Nani angetaka kugawanya mara kumi na mbili? Kwenye Excel au jedwali la mtandaoni la Google, andika hivi:

```
=6000000+PV(0.007,12,-1350000)
```

Alama ya kutoa kwenye 1,350,000 huwekwa ili jibu litoke likiwa chanya. Zingatia kwamba kianzio kimekaa nje ya mabano. Ukitumia NPV badala yake na kukiingiza kianzio kama kiasi cha kwanza kwenye orodha, programu itadhani kinalipwa mwisho wa mwezi wa kwanza na itakisukuma kila kitu mbele kwa mwezi mmoja. Kagua hesabu yako kwa majaribio mawili. Kwanza badilisha kiwango kiwe sifuri: jibu lazima liwe jumla ya kawaida, 22,200,000, ingawa kosa hilo la NPV halitaonekana hapo. Kisha weka kiwango kikubwa mno, kwa mfano 10 badala ya 0.007. Awamu karibu zote zitayeyuka na jibu linapaswa kukaribia kianzio cha milioni 6. Likishuka chini ya 6, kianzio kimegawanywa mahali fulani, na hapo ndipo kosa la NPV linapojitokeza.

Sasa linganisha. Milioni 22 za mkupuo wa mwakani zilikuwa 20,240,000. Milioni 22.2 za awamu ni 21,486,000. Nyongeza ya laki mbili kwenye jumla imeleta tofauti ya zaidi ya milioni 1.2 kwenye thamani, kwa sababu fedha nyingi zimesogezwa karibu. Na yule mama mwenye deni la saccos, aliyekuwa hana budi kuikataa ofa ya mwanzo, akiweka 0.015 mahali pa 0.007 anapata takribani 20,725,000. Naye sasa anaona ofa imepita taslimu kwa laki saba na zaidi, mradi kila awamu aipeleke kwenye deni ikifika.

Hatari pia imebadilika sura. Mnunuzi wa mkupuo akitoweka mwezi wa nne, muuzaji hajapokea kitu. Wa awamu akitoweka baada ya malipo ya nne, ameshaacha milioni 11.4. Hilo linamlinda muuzaji, lakini linazaa swali ambalo mkataba lazima ulijibu kabla ya kusainiwa mbele ya wakili: akishindwa, zile alizolipa zinarudishwa zote, zinakatwa kiasi, au zinapotea? Na awamu ikichelewa, inaongezwa nini kwa kila mwezi, kwa wasioepuka riba? Asilimia 0.7 kwa mwezi ingemrudisha mama asiye na deni pale alipokuwa, bila faida wala hasara. Mwenye deni la saccos anahitaji 1.5. Kilicho chini ya hapo ni mkopo anaompa mnunuzi kwa bei ya hasara, hata kama kwenye karatasi kimeandikwa “faini”.

Kaka aliyesema wachukue taslimu bado ana hoja moja ambayo hakuna kikokotoo kinachoifuta: kwa ofa ya awamu, mama atalazimika kufuatilia malipo mara kumi na mbili. Basi naye aitaje bei ya usumbufu huo. Kama ni chini ya 1,486,000, ofa ya tatu inapita. Kwa mwenye deni la saccos, kikomo ni 725,000.